"DMZ Host" katika ruta: kinachoachwa wazi na njia salama ya kuona kamera ukiwa mbali

Wamiliki wa nyumba na maduka waliofungiwa kamera za ulinzi wanashauriwa kukagua ukurasa wa mipangilio wa ruta zao, hususan sehemu iliyoandikwa `DMZ` au `DMZ Host`. Wapo mafundi wanaoiwasha sehemu hiyo ili mteja aone picha za kamera kwenye simu akiwa mbali, kisha wakakabidhi kazi bila kumweleza mwenye mali kilichofanyika.

Kwa kawaida ruta hupokea anwani moja ya intaneti kutoka kwa mtoa huduma, na vifaa vyote vya ndani huitumia kwa pamoja. Kompyuta ya ndani inapofungua tovuti, ruta huweka kumbukumbu ya ombi hilo, na jibu linaporudi hulifikisha kwa kifaa kilichoomba. Mawasiliano yanayoanzia nje bila kuombwa hayana kumbukumbu yoyote, hivyo ruta huyatupa. `DMZ Host` hubadili jambo hilo moja tu: mawasiliano yote ambayo yangetupwa sasa hupelekwa kwa kifaa kimoja kilichotajwa kwa anwani yake ya ndani.

Uzito wa badiliko hilo unaonekana katika mfano wa duka la vifaa vya ujenzi. Duka lina ruta yenye anwani `192.168.1.1`, kompyuta ya mauzo, simu za wafanyakazi, na mashine ya kurekodi picha za kamera, maarufu kama DVR, yenye anwani `192.168.1.50`. Ili mwenye duka aone picha akiwa nyumbani, simu yake inahitaji kufika kwenye mlango mmoja au miwili ya DVR. Mlango hapa ni namba ambayo huduma fulani ndani ya kifaa husikilizia, na namba hizo hufika 65535. Fundi asiyejua ni mlango upi unaohitajika, au aliyejaribu mmoja ukakataa, huandika `192.168.1.50` kwenye `DMZ Host`. Picha huonekana papo hapo. Kuanzia dakika hiyo, kila huduma inayosikiliza ndani ya DVR inaweza kufikiwa na mtu yeyote duniani, zikiwemo zile ambazo mwenye duka hajui kuwa zipo.

Huduma za namna hiyo ndizo zilizotumiwa na programu hasidi ya Mirai mwaka 2016. Mirai ilizunguka intaneti ikibisha hodi kwenye milango 23 na 2323, inayotumiwa na huduma ya zamani ya Telnet, na kujaribu orodha ya majina na nywila zilizowekwa kiwandani. DVR na kamera zilizokubali ziligeuzwa kuwa askari wa mashambulizi. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watumiaji wengi. Katika baadhi ya vifaa hivyo, nywila ya Telnet ilikuwa imeandikwa ndani ya programu yenyewe. Mmiliki aliyebadili nywila ya ukurasa wa kuingilia alidhani amemaliza kazi, ilhali mlango mwingine ulibaki na ufunguo uleule wa kiwandani.

Jina la mpangilio huu nalo huwapotosha wengi. Katika taasisi kubwa, DMZ ni mtandao uliotengwa kati ya intaneti na mtandao wa ndani, mithili ya eneo lisilo na majeshi lililowekwa kati ya Korea mbili mwaka 1953. Seva iliyomo humo ikitekwa, bado kuna kizuizi kabla ya kufikia ofisi. Ruta nyingi za nyumbani hazina utengano huo. DVR ya duka letu inabaki katika mtandao mmoja na kompyuta ya mauzo, hivyo aliyeiteka anaweza kuitumia kuichunguza kompyuta hiyo kana kwamba ameketi dukani.

Kuna hitilafu nyingine isiyoonekana haraka. `DMZ Host` hufuata anwani, haifuati kifaa. Ikiwa DVR ilipewa anwani ya muda, umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa DVR anwani nyingine na kuikabidhi `192.168.1.50` kwa kompyuta ya mauzo. Hapo picha hutoweka kwenye simu, na mwenye duka hulalamikia kamera, kumbe aliyewekwa wazi sasa ni kompyuta yenye hesabu zake.

Njia iliyo salama zaidi ni kuizima `DMZ Host` na kutumia VPN, yaani njia ya siri inayoiingiza simu ndani ya mtandao wa duka. Ruta kadhaa za sasa zina WireGuard au OpenVPN katika orodha ya mipangilio. WireGuard kwa kawaida husikiliza kwenye mlango mmoja, UDP 51820, na haimjibu kabisa asiye na ufunguo sahihi. Anayepekua kutoka nje haoni dalili kwamba kuna kitu. Simu ikishaunganishwa, mwenye duka hufungua `192.168.1.50` kama vile yuko kaunta.

Ruta isipokuwa na VPN, ipo sehemu iitwayo `Port Forwarding` au `Virtual Server`, ambapo hufunguliwa mlango mmoja uliotajwa katika mwongozo wa DVR, baada ya anwani ya kifaa kufungwa kwa `Address Reservation` isihame. Hapa Telnet haifikiki tena kutoka nje, lakini mlango uliofunguliwa bado unategemea nywila imara na programu iliyosasishwa. Kubadili namba ya mlango hupunguza wabishaji tu, hakuufichi. Programu ya simu ya mtengenezaji, inayopitia seva zake, haihitaji kufungua mlango wowote. Hata hivyo mmiliki anakuwa amemkabidhi mtengenezaji dhamana ya picha zake.

Wapo watakaojaribu njia mbili za kwanza zisifanye kazi. Anwani ya `WAN` ya ruta ikianzia kati ya `100.64` na `100.127`, mtoa huduma anawagawia wateja wengi anwani moja ya nje, na mawasiliano kutoka intaneti hayafiki kwenye ruta. Anayetaka VPN ya ruta yake itabidi aombe anwani ya umma. `DMZ Host` iliyoachwa imewashwa katika hali hiyo huonekana haina madhara, hadi siku mtoa huduma atakapobadili mfumo.

Matumizi yanayokubalika ya mpangilio huu ni pale ruta ya pili inapofungwa nyuma ya ile ya mtoa huduma. Kinachoelekezwa hapo ni ruta hiyo ya pili, ambayo ina kinga yake yenyewe.

Kujua kama DVR iko wazi hakuhitaji fundi. Mmiliki asome anwani ya `WAN` kwenye ruta, azime Wi-Fi ya simu ili atumie data, kisha aiandike anwani hiyo kwenye kivinjari. Ukurasa wa kuingilia wa DVR ukitokea, kila mtu anaweza kuuona. Usipotokea, bado akague mipangilio, kwani milango mingine inaweza kuwa wazi. DVR iliyokuwa kwenye `DMZ Host` itolewe kwanza humo, ndipo izimwe na kuwashwa, isasishwe programu na kubadilishwa nywila. Mpangilio huo wa hatua una sababu: Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda na ilifutika kifaa kilipozimwa, lakini kifaa kilichorudi hewani kikiwa bado wazi kiliweza kutekwa upya ndani ya dakika chache. Mmiliki akikuta watumiaji asiowafahamu katika orodha ya DVR, apige picha ya ukurasa huo kabla ya kuwafuta. Kwa Tanzania, taarifa za matukio ya usalama mtandaoni hupokelewa na TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.