Mkunjo wa himoglobini na oksijeni

Mkunjo wa himoglobini na oksijeni ni mstari wa grafu unaoonyesha ni asilimia ngapi ya himoglobini imebeba oksijeni katika kila kiwango cha shinikizo la gesi hiyo. Umbo lake ni la herufi S iliyonyooshwa: juu ni tambarare, katikati ni mteremko mkali. Damu inayotoka mapafuni, ambako shinikizo hukaribia milimita 100 za zebaki, huwa imejaa kwa asilimia 97 hivi. Ikifika kwenye tishu, ambako shinikizo ni kama 40, hubaki na asilimia 74. Zile 23 zilizopungua ndizo mwili ulizozitumia. Mahali mkunjo ulipokaa hutajwa kwa shinikizo ambalo nusu ya himoglobini imejaa, nalo kwa mtu mwenye afya ni karibu 27. Namba hii ikipanda, husemwa mkunjo umesogea kulia: himoglobini imelegeza mshiko na inaiachia oksijeni mapema. Ikishuka, mkunjo umesogea kushoto na mshiko umekaza. Vitabu vingi hufundisha kwamba kusogea kulia humfaa mgonjwa mwenye upungufu wa damu. Ni kweli, lakini ni lazima kuuliza kwanza ni nini kilichousogeza, kwa sababu visogezi hivyo havina thamani moja.

Kisogezi cha kwanza kujulikana kilikuwa kabonidioksidi. Mwaka 1904, huko Kopenhagen, Christian Bohr pamoja na Karl Hasselbalch na August Krogh walionyesha kwamba gesi hiyo ikiongezeka kwenye damu, himoglobini huachia oksijeni kwa urahisi zaidi. Sehemu kubwa ya athari hiyo hutokana na asidi: chembe za haidrojeni hunasa kwenye protini ya himoglobini na kuifunga katika umbo lisilopenda oksijeni. Joto nalo hulegeza mshiko moja kwa moja. Misuli inayofanya kazi ina joto na asidi, hivyo hupata zaidi pale pale inapohitaji, na damu ikirudi mapafuni mshiko hukaza tena. Kisogezi cha tatu ni cha polepole. Ndani ya chembe nyekundu mna kemikali iitwayo bifosfogliserati, inayotengenezwa wakati chembe inapovunja sukari, nayo hujipenyeza katikati ya himoglobini isiyo na oksijeni na kuizuia isiishike oksijeni upya. Kazi yake hiyo ilielezwa mwaka 1967 na Reinhold na Ruth Benesch. Katika upungufu wa damu uliodumu, kemikali hii huongezeka na mkunjo husogea kulia bila homa wala asidi yoyote. Kati ya visogezi vyote vitatu, mimi naona hiki ndicho pekee kinachostahili kuitwa mazoea ya mwili.

Tuchukue mtoto mwenye malaria kali, ambaye himoglobini yake katika kila mililita 100 za damu imeshuka kutoka gramu 12 hadi 5. Gramu moja ya himoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Alipokuwa mzima, kila mililita 100 za damu yake ziliachia takriban mililita 3.7 kwenye tishu. Sasa, mkunjo ukiwa palepale, zinaachia 1.5 tu. Homa ya nyuzi 40 peke yake huipeleka ile namba ya nusu kutoka 27 hadi 32. Asidi ya pH 7.2 peke yake huifikisha 34. Zikija pamoja hukaribia 40. Damu inayotoka kwenye tishu sasa itakuwa na asilimia 50 badala ya 74, na ingawa mapafuni itajaa kwa asilimia 92 tu, kiasi kinachoachiwa kitapanda hadi mililita 2.8. Mkunjo umekaribia kuliongeza maradufu fungu la mtoto huyu bila kumwongezea hata gramu moja ya damu. Pengo lililosalia ni la moyo, unaolazimika kwenda mbio.

Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi tuishushe homa au tuiogope asidi? Jibu ni kwamba hesabu hiyo ina upande mmoja tu. Homa huongeza matumizi ya oksijeni kwa asilimia 10 au zaidi kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mtoto aliyehitaji 3.7 sasa anahitaji karibu 4.8. Homa imetoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Asidi ina ubaya wa namna nyingine. Katika malaria kali sehemu yake kubwa ni asidi ya maziwa, inayozalishwa na tishu zilizokosa oksijeni ya kutosha, ikisaidiwa na vimelea wenyewe. Kuifurahia kwa sababu inasogeza mkunjo ni kama kufurahia moshi kwa kuwa unafukuza mbu, huku paa linaungua.

Kuna pia tatizo la kipimo. Kifaa cha kubana kidoleni husoma asilimia ya himoglobini iliyojaa; hakijui himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Mtoto mwenye gramu 5 asiye na homa atasoma 97 sawasawa na ndugu yake mwenye gramu 12, ilhali anabeba chini ya nusu ya oksijeni ya ndugu yake. Kinachomtambulisha ni weupe wa viganja na ulimi, mapigo ya moyo na, zaidi ya yote, pumzi nzito na ya kina, ambayo ni mwili kujaribu kuitoa asidi kwa njia ya kabonidioksidi.

Mlimani ubishi huwa mkali zaidi. Anayepanda hupumua kwa kasi, hupoteza kabonidioksidi, damu hupungua asidi na mkunjo huvutwa kushoto. Baada ya siku moja hivi bifosfogliserati huongezeka na kuuvuta kulia. Katika miinuko ya wastani nguvu hizi mbili hukaribia kusawazishana. Lakini juu sana kusogea kulia huwa hasara, kwa kuwa mapafu yenyewe yamehamia kwenye mteremko wa mkunjo. Shinikizo la mapafuni likiwa 30 na la tishu 20, mkunjo wa 27 huachia asilimia 26, ule wa 34 huachia 22. Ndiyo maana lama wa Andes na bata bukini wanaoruka juu ya Himalaya wana himoglobini yenye mshiko mkali. Mwenye upungufu wa damu anayepanda mlima mrefu anaweza kukuta msaada wake wa nyumbani umegeuka mzigo.

Pingamizi la mwisho linatoka benki ya damu. Damu iliyohifadhiwa hupoteza karibu bifosfogliserati yake yote ndani ya wiki mbili au tatu, na baada ya kuongezewa mgonjwa huchukua saa nyingi kuirudisha. Kwa mantiki ya mkunjo, damu kukuu ingekuwa ya kuepukwa. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 290 wenye damu ya gramu 5 au chini, na asidi ya maziwa iliyopanda, waligawiwa damu ya siku 1 hadi 10 au ya siku 25 hadi 35. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba asidi ilishuka karibu sawa katika makundi yote mawili. Wingi wa himoglobini ulishinda mahali pa mkunjo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani nao unaelekea huko huko: mtoto aliye chini ya gramu 4 huongezewa damu, na aliye kati ya 4 na 6 huongezewa akiwa na dalili kama mshtuko, kupoteza fahamu au ile pumzi nzito ya asidi, hata kifaa cha kidoleni kikisoma 97.