Usafishaji wa hifadhi ya kompyuta

Usafishaji wa hifadhi ni kazi ya kuondoa kwenye diski mafaili yasiyohitajika tena ili nafasi ipatikane. Nafasi hiyo haihitajiki na mtumiaji peke yake. Windows nayo huandika mafaili ya muda na kupakua masasisho kwenye diski hiyohiyo, na kumbukumbu ya RAM inapoelemewa, sehemu ya mzigo wake huhamishiwa kwenye faili la diski liitwalo pagefile.sys. Diski ikijaa, kompyuta huwa nzito, masasisho hukwama, na hati iliyokwisha kuandikwa inaweza kukosa pa kuhifadhiwa.

Hatua ya kwanza ni kupima. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, kisha akafungua This PC, huona mstari chini ya diski C:. Mstari huo ni wa buluu, lakini hugeuka mwekundu nafasi inapopungua chini ya asilimia 10.

Chukua mfano wa kompyuta yenye diski ya GB 128, ambayo Windows huihesabu kuwa kama GB 119. Zimebaki GB 6, na mstari ni mwekundu. Mahali pazuri pa kuanzia ni folda ya Downloads, iliyopangwa kwa ukubwa kwa kubofya Size. Juu kabisa kuna video ya harusi ya GB 4. Chini yake kuna programu za kusakinishia zilizokwisha kutumika, na fomu moja iliyopakuliwa mara tatu: fomu.pdf, fomu (1).pdf na fomu (2).pdf. Video hunakiliwa kwenye diski ya nje na kufunguliwa humo kuhakikisha kuwa nakala ni nzima, ndipo ya awali ifutwe. Pamoja na mengine, zimefutwa GB 9.

Hata hivyo C: bado inaonyesha GB 6. Sababu ni kwamba faili lililofutwa huhamia Recycle Bin na kuendelea kukaa kwenye diski ileile. Pipa hilo likikaguliwa na kumwagwa, nafasi hufika GB 15 na mstari hurudi kuwa wa buluu.

Mafaili ya muda huondolewa kupitia Settings, System, Storage, kisha Temporary files. Orodha ya hapo huwa pia na kisanduku cha Downloads. Kikitiwa alama, folda nzima hufutwa, kwa hiyo orodha husomwa kabla ya kubofya Remove files. Folda za Windows na Program Files haziguswi kwa mkono. Programu isiyotakiwa huondolewa kupitia Settings, Apps. Faili linalofutwa kwenye flashi kwa kawaida halipiti Recycle Bin, hivyo halina pa kurudishwa kirahisi.

Kwa kompyuta ya nyumbani, ukaguzi wa mara moja kwa mwezi hutosha. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, Storage Sense iliyo kwenye ukurasa huohuo wa Storage inaweza kuwashwa imwage vitu vilivyokaa siku 30 ndani ya Recycle Bin.