Nywila Isipojijaza Yenyewe: Namna ya Kutambua Ukurasa Bandia wa Kuingilia Kwenye Mfumo

DAR ES SALAAM

Ukurasa bandia wa kuingilia ni ukurasa wa intaneti uliotengenezwa ufanane na ule wa taasisi halali, ili mtumiaji aandike humo jina lake la utumiaji na nywila akidhani anaingia katika mfumo anaoufahamu. Nywila hiyo humfikia tapeli papo hapo. Makala haya yanaeleza namna ya kuutambua ukurasa wa aina hiyo, na kwa nini programu ya kutunza nywila inapokataa kujaza nywila mtumiaji anapaswa kusimama na kuchunguza.

Mwonekano si ushahidi

Nembo, rangi, maandishi na hata picha za viongozi zilizomo katika ukurasa halali zinaweza kunakiliwa na mtu yeyote kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo, kufanana kwa kurasa mbili hakuthibitishi kwamba mmiliki wake ni mmoja.

Alama ya kufuli inayoonekana karibu na anwani nayo hufahamika vibaya na wengi. Maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya simu na ukurasa huo yamefichwa yasisomwe njiani. Haielezi ni nani aliye upande wa pili, na tapeli naye anaweza kuipata kwa ukurasa wake bila malipo.

Kitu ambacho tapeli hawezi kukinakili ni anwani yenyewe. Anwani zinazoishia na `go.tz` zimetengwa kwa ajili ya taasisi za Serikali, na mtu binafsi hawezi kujisajilia. Mlipakodi anayetumia mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kwa mfano, huingia kupitia anwani hii:

```
https://taxpayerportal.tra.go.tz/
```

Tapeli asiyeweza kuipata anwani hiyo hutengeneza inayofanana nayo. Mfano ufuatao umetumia mwisho wa `.example`, ambao umetengwa kimataifa kwa ajili ya mafunzo tu:

```
https://taxpayerportal.tra.go.tz.ingia.example/login
```

Anayesoma kuanzia kushoto ataona jina la TRA na `go.tz`, kisha ataridhika. Usomaji sahihi huanza baada ya `https://`, ukaenda hadi kwenye mkwaju wa kwanza, kisha ukarudi kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa usomaji huo, mmiliki wa anwani hii ni `ingia.example`. Maneno yote yaliyotangulia ni majina ambayo mmiliki huyo ameamua kuyaweka mbele ya jina lake, kama mtu anavyoweza kuandika jina lolote kwenye kibao cha duka lake. Katika simu, ambayo kioo chake ni chembamba, sehemu ya anwani ndefu mara nyingi haionekani, na hapo ndipo wengi hunaswa.

Programu inatazama nini

Programu ya kutunza nywila ni daftari la siri lililomo ndani ya simu au kompyuta. Huhifadhi majina ya utumiaji na nywila zikiwa zimefungwa, na mwenyewe huzifungua kwa alama ya kidole au kwa nywila moja kuu. Simu nyingi za Android zinayo tayari, na katika mipangilio ya Kiswahili huonekana kwa jina la Kidhibiti cha Manenosiri cha Google. Simu za iPhone nazo zina ya kwao.

Mtumiaji anapohifadhi nywila kwa mara ya kwanza, programu huandika mambo matatu: jina la utumiaji, nywila, na anwani ya ukurasa ambako nywila hiyo ilitumika. Siku nyingine ukurasa unapofunguliwa, programu hulinganisha anwani iliyo kwenye kivinjari na ile iliyo katika kumbukumbu yake. Zikilingana, hujaza nafasi mbili za kuingilia au huonesha pendekezo juu ya kibodi. Zisipolingana, hukaa kimya. Baadhi ya programu hukubali pia kurasa nyingine za mmiliki yule yule, yaani zile zinazoishia na `tra.go.tz`, lakini si zaidi ya hapo.

Ulinganisho huo hauhusishi nembo wala rangi. Kwa jicho la mtu, herufi "a" ya Kilatini na "а" ya Kirusi ni kitu kimoja. Kwa programu ni herufi mbili tofauti. Programu haina haraka, haichoki, na haitishwi na maneno "akaunti yako itafungwa leo". Kwa hiyo, pale ambapo mtumiaji anaona ukurasa anaoufahamu huku programu ikikaa kimya, inawezekana kabisa kwamba programu imeona tofauti ambayo jicho halikuiona.

Mfano wa Kariakoo

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa vitenge katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kila mwezi hutakiwa kuwasilisha ritani ya mwezi uliotangulia ifikapo tarehe 20. Tarehe 19 alasiri, duka likiwa na wateja, anapokea ujumbe mfupi unaosema kwamba ritani yake ina kasoro na kwamba atatozwa adhabu asipoirekebisha siku hiyo. Chini ya ujumbe kuna kiungo.

Anakibonyeza. Ukurasa unaofunguka unafanana na ule anaoutumia kila mwezi. Lakini nafasi za jina la utumiaji na nywila ziko tupu, ilhali mwezi uliopita zilijijaza zenyewe baada ya kuweka kidole.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kudhani kwamba programu imeharibika, kuifungua, kuitafuta nywila, kuinakili na kuibandika kwenye ukurasa ulio mbele yake. Kwa kufanya hivyo, mfanyabiashara huyo anauondoa kwa mkono wake ulinzi uliokuwa ukimkinga. Mwenye nywila hiyo anaweza kusoma taarifa za biashara yake na kutenda ndani ya mfumo kwa jina lake.

Njia ya pili ni kuufunga ukurasa huo, kufungua kivinjari upya na kuandika mwenyewe `taxpayerportal.tra.go.tz`, au kutumia alamisho aliyoihifadhi zamani. Programu ikijaza nywila hapo, jambo limeeleweka: programu ni nzima, na ukurasa ulioletwa na ujumbe haukuwa katika anwani anayoifahamu. Akiingia katika mfumo halali ataona pia kama kweli ritani yake ina kasoro.

Hata mtaalamu alinaswa

Kosa la kuibandika nywila kwa mkono si la wasiojua teknolojia pekee. Mwezi Machi 2025, Troy Hunt, mtaalamu wa usalama wa mtandao kutoka Australia anayeendesha huduma ya Have I Been Pwned, inayowajulisha watu taarifa zao zinapovuja, alipokea barua pepe iliyojifanya kutoka kampuni ya Mailchimp anayoitumia kutuma majarida yake. Alikuwa London, akiwa na uchovu wa safari ndefu. Aliingiza nywila na namba ya uthibitisho katika ukurasa bandia. Muda mfupi baadaye aligundua kosa na kubadili nywila, lakini orodha ya takribani anwani 16,000 za wasomaji wake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Katika maelezo aliyoyatoa hadharani, Hunt alieleza kwamba programu yake ya kutunza nywila haikujaza chochote katika ukurasa ule, na kwamba jambo hilo lilipaswa kumzuia. Alilipuuza kwa sababu zipo huduma halali ambazo hubadilisha anwani za kuingilia, hivyo alikuwa amezoea kuona programu ikikaa kimya bila hatari yoyote.

Tukio hilo linafundisha pia kwamba namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu haitoshi kuwa kinga. Ukurasa bandia unaweza kuipokea namba hiyo na kuitumia katika mfumo halali kabla muda wake haujaisha.

Programu inapokaa kimya bila utapeli

Si kila ukimya ni utapeli. Programu inaweza kuwa imefungwa na inasubiri alama ya kidole. Nywila inaweza kuwa ilihifadhiwa katika kivinjari kingine au simu nyingine. Taasisi inaweza kuwa imehamishia mfumo wake katika anwani mpya, au ukurasa wenyewe umejengwa kwa namna ambayo programu haizitambui nafasi za kuandikia.

Jaribio la kutenganisha hali hizo ni lile lile la mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo. Mtumiaji aifungue anwani halali kwa kuiandika mwenyewe. Programu ikijaza huko, ukurasa wa kwanza uachwe. Isipojaza hata huko, tatizo huenda ni la kiufundi, na anwani mpya ithibitishwe kwa kuanzia tovuti kuu ya taasisi au kwa kufika ofisini, si kwa kupiga namba iliyomo katika ujumbe uliotiliwa shaka.

Kinga hii ina mipaka. Haimsaidii mtu ambaye hajawahi kuhifadhi nywila katika programu. Vilevile, aliyekubali kuhifadhi nywila akiwa katika ukurasa bandia ataona ikijazwa humo kila anaporudi. Aidha, programu haihusiki na namba ya siri ya fedha za mkononi inayoandikwa kwenye menyu ya simu. Tapeli anayeiomba namba hiyo kwa kupiga simu hazuiliki kwa njia hii.

Aliyekwisha kuingiza nywila

Anayegundua kwamba ameandika nywila katika ukurasa bandia anashauriwa kuingia mara moja katika mfumo halali na kuibadili, kisha kubadili kila mahali pengine alipotumia nywila hiyo hiyo. Akague iwapo namba yake ya simu na barua pepe zilizomo katika akaunti zimebadilishwa, na aijulishe taasisi husika. Akishindwa kuingia, afike katika ofisi ya taasisi hiyo iliyo karibu akiwa na kitambulisho.

Ujumbe mfupi wa kitapeli hutumwa kwenda namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kupokea taarifa hizo, na usifutwe kabla ya kutumwa. Pale ambapo hasara imetokea, taarifa itolewe kituo cha polisi pamoja na ujumbe wenyewe, anwani kamili ya ukurasa na saa ya tukio. Udanganyifu kwa kutumia kompyuta na kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.