Umekata Skrinshoti, Ila Kilichokatwa Kimebaki Ndani

Wadau, kabla ya kutupia skrinshoti statasi, wengi wanaikata kwanza. Juu unaondoka ule ukanda wa saa, chaji na mtandao, chini vinaondoka vitufe vya kurudi nyuma. Sio urembo tu. Saa inaweza kukuchoma kwamba ulikuwa macho saa nane usiku wakati ulisema umelala.

Mambo haya yalianza Oktoba 2011, Google walipotangaza Android 4.0 na simu ya Galaxy Nexus. Toleo hilo lilileta kwenye simu za Android vitu viwili kwa mpigo: skrinshoti ya kubonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti, na vitufe vya kurudi vilivyochorwa ndani ya kioo chenyewe. Basi ukipiga skrinshoti, navyo vinaingia kwenye picha. Mwaka 2018, Android 9 ikaziwezesha simu za Pixel kukata skrinshoti hapo hapo, kwa kifaa kinachoitwa Markup.

Machi 2023 bomu likalipuka. Simon Aarons na David Buchanan walionyesha kwamba Markup ilikuwa inakata kwa macho tu. Picha mpya iliandikwa juu ya faili la zamani, lakini mkia wa lile faili haukufutwa.

Chukua mfano wa dada wa Cheyo, pale Tabora, mwenye Pixel. Skrinshoti yake ina KB 900. Amekata akabakiza meseji moja tu, picha mpya ina KB 200. Hizo KB 200 zimefunika mwanzo wa faili, na KB 700 za zamani bado zipo nyuma yake. Picha ya PNG huandikwa kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo mkia huo ni sehemu ya chini ya skrinshoti: meseji alizodhani kazificha. Mjuzi anaweza kuzirudisha.

Hapo ndipo utamu ulipo. Aliyekata ukanda wa juu na vitufe tu hakuvujisha kitu kikubwa, maana picha mpya inakaribia uzito wa ile ya kwanza na mkia unakuwa mfupi. Aliyekata sana ili afiche sana ndiye aliyeacha mengi.

Njia ilikuwa nayo muhimu. Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa upya na mkia unapotea. Ukituma kama dokumenti, faili linakwenda lilivyo, na mkia wake.

Google walirekebisha kwa sasisho la Machi 2023, ila sasisho haliponyi picha zilizokatwa kabla yake. Dalili yake ni rahisi: fungua maelezo ya picha uangalie uzito. Kipande kidogo cha meseji chenye uzito ule ule wa skrinshoti nzima, hicho usikitume. Rudi kwenye meseji, piga skrinshoti nyingine, ukate upya kwenye simu iliyosasishwa.