Njiwa na Mwewe: Kisaasili cha Gharika Kusini-Magharibi mwa Tanganyika

Miongoni mwa visaasili vya gharika vilivyorekodiwa Afrika Mashariki kipo kimoja kifupi kutoka kusini-magharibi mwa Tanganyika. Mito ilifurika, Mungu akawaamuru watu wawili waingie katika chombo pamoja na mbegu na wanyama wa kila aina. Maji yalifunika milima. Baadaye mtu mmoja alimtuma njiwa, naye akarudi. Kisha akamtuma mwewe, ambaye hakurudi kwa kuwa nchi ilikuwa imekauka.

Msomaji anayefahamu nyanda za Mbozi, ulipo mji wa Vwawa, huenda akavutwa na maelezo ya kijiografia. Maji ya Mto Songwe wa kaskazini huishia Ziwa Rukwa, na miaka kati ya 8,000 na 12,000 iliyopita ziwa hilo lilijaa hata likamwagika kuelekea Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, kisaasili hakitaji ziwa wala bonde. Zaidi ya hayo, kumbukumbu ya mafuriko, hata kama ingedumu muda huo wote, isingetosha kuwaleta ndege wale.

Hapa ndipo penye kipimo. Maji mengi, chombo na manusura wachache ni mambo ambayo jamii yoyote inayojua mafuriko inaweza kuyabuni peke yake. Kutuma ndege mmoja baada ya mwingine, na kumfanya asiyerudi kuwa ushahidi wa nchi kavu, ni jambo la kisadfa, gharika hailidai. Katika bamba la 11 la utenzi wa Gilgameshi hutumwa njiwa, mbayuwayu na kunguru. Katika Kitabu cha Mwanzo hutumwa kunguru, kisha njiwa. Mfanano wa aina hii huelekeza kwenye ukopaji. Njia ya ukopaji nayo ilikuwepo: wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe mwaka 1891 na Mbozi mwaka 1899. Ukaribu huo pekee hauthibitishi kwamba msimulizi aliisikia habari hii kwao, lakini mfuatano wa ndege unaufanya uwezekano huo uwe na nguvu kuliko kumbukumbu ya ziwa.

Ukopaji huo, lakini, haukuwa unakili. Mwewe amechukua nafasi ya kunguru, na dhambi iliyomkasirisha Mungu haitajwi kabisa, ingawa ndiyo kiini cha masimulizi ya Mwanzo. Wanaokiita kisaasili hiki mwangwi tu wa Biblia wanaipuuza kazi hiyo ya msimulizi.

Kisaasili cha Wakwaya wa kando ya Ziwa Viktoria kinatoa tofauti iliyo wazi. Humo bahari ilifichwa ndani ya chungu kidogo, chini ya paa la nyumba ya mtu na mkewe. Mkwe wao wa kike alikatazwa kukigusa, akaambiwa kina wahenga wa ukoo. Alipokigusa kilivunjika, na maji yakazamisha kila kitu. Hamna safina, hamna ndege. Kuna chungu, mkwe na mwiko.