Sukari ya Dadaab na Ratiba ya Tuzo

Katika shule za kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, Mpango wa Chakula Duniani uliwahi kuwapa wasichana sukari ya kupeleka nyumbani kwa sharti la mahudhurio. Sukari ilichaguliwa kwa busara. Chai ya maziwa ya Wasomali haiendi bila sukari, na mara nyingi ni mama anayeamua kama binti ataenda shule au atabaki kuteka maji na kuwalea wadogo zake. Tuzo ilimfikia, basi, mtu ambaye uamuzi wake ndio uliolengwa. Hoja yangu inahusu ratiba: sharti la kiwango cha mwezi huvuta vibaya hata tuzo ikiwa nzuri.

Tuseme mwezi una siku 20 za masomo, kiwango ni asilimia 80, na anayekifikia hupewa nusu kilo. Msichana anahitaji siku 16. Mama akijifungua, binti akakosa siku 5 katika wiki mbili za kwanza, hata asipokosa tena ataishia 15. Siku 10 zilizobaki hazimletei chochote, na mama hana sababu ya sukari ya kumruhusu atoke. Mwenzake aliyehudhuria siku 16 mfululizo naye hana cha kuongezewa katika siku 4 za mwisho. Ratiba hii humvuta sana yule aliye karibu na mstari na kumwacha mapema yule anayehitaji kuvutwa zaidi.

Ferster na Skinner, katika kitabu chao cha 1957, walionyesha kwa njiwa wa maabara kwamba malipo yanayokuja baada ya idadi maalumu ya matendo hufuatwa na pumziko, na idadi ikikua pumziko hurefuka. Idadi ikipandishwa haraka mno, tabia huvunjika kabisa. Msichana si njiwa, na sharti anaweza kuelezwa kwa maneno, lakini kusubiri mwezi mzima ni kusubiri kule kule.

Hapo ndipo tokeni inapofaa. Teodoro Ayllon na Nathan Azrin walianza kuitumia mwaka 1961 katika wodi ya hospitali ya akili ya Anna, Illinois. Wagonjwa walipata tokeni kwa kazi za wodini na kuzibadilisha kwa vitu au nafasi walizozitaka. Walipopewa tokeni bure, wafanye kazi wasifanye, kazi ilishuka. Sharti liliporudi, kazi ilirudi. Kilichohesabika kilikuwa uhusiano kati ya tendo na malipo. Tokeni yenyewe huziba pengo la muda: humfikia mtu papo hapo, hata kama bidhaa itakuja baadaye.

Kwa Dadaab, ningeweka muhuri mmoja kila siku ya kuhudhuria, kwenye kadi yenye jina la mwanafunzi. Vifuniko vya soda vingekuwa rahisi zaidi, ila vingefika sokoni kabla ya wiki kuisha. Kila muhuri uwe gramu 25, hivyo mwezi kamili bado ni nusu kilo. Aliyekosa siku 5 atapata gramu 375, si sifuri, na kila siku iliyobaki ina thamani ileile. Gharama ipo: waliokuwa chini ya mstari sasa watalipwa, na bajeti inaweza kupanda. Kupima sukari kila wiki kunaweza kumlemea mwalimu mwenye darasa lililofurika. Basi apime kila mwezi, mradi muhuri ubaki wa kila siku.

Tabia ikishazoeleka, vitabu hushauri kulipa kwa nyakati zisizotabirika, kwa sababu tabia iliyojengwa hivyo hudumu zaidi malipo yanapokoma. Njia ya haraka ni bahati nasibu darasani. Katika jamii ya Kiislamu ya Garissa mzazi atauliza, na ana haki kuuliza, kama watoto hawafundishwi kamari. Mwalimu anaweza kuepuka mjadala huo kwa kuongeza muhuri siku ambayo hakuitangaza, kwa kila aliyekuwepo.

Uji wa shule usiingie kwenye kadi kamwe. Katika kesi ya Wyatt dhidi ya Stickney, mahakama ya shirikisho huko Alabama mwaka 1972 iliweka viwango vya huduma ambavyo mgonjwa wa akili anastahili bila kuvifanyia kazi, chakula kikiwemo. Mtoto wa kambini hana haki pungufu.

Ili kujua kama kadi inafanya kazi, mpango uanze darasa moja, kisha lingine baada ya wiki kadhaa, huku mahudhurio yakichorwa siku kwa siku. Mstari ukipanda kila darasa linapoingia, na si kabla, kadi ndiyo sababu. Ukishuka siku inayofuata ugavi wa sukari, lile pumziko limerudi. Rejista ya darasa ina takwimu hizi tayari, ila mwisho wa mwezi hugeuzwa asilimia moja, na aliyeacha kuja wiki ya tatu hufanana na aliyekosa siku moja moja.