Jinsi ya kukadiria udongo uliochimbwa katika silanga kabla ya kumlipa mkandarasi

KATIKA kaunti kame kama Kitui, Makueni na Kajiado, silanga huchimbwa kwa tingatinga na mkandarasi hulipwa kwa kila mita moja ya ujazo ya udongo alioutoa. Mzozo huzuka siku ya malipo, mkandarasi akitaja idadi ya malori nayo kamati ikikosa hesabu yake yenyewe.

Malori si kipimo cha haki. Udongo ukishachimbwa hulegea na kuvimba, mara nyingi kwa takriban robo ya ujazo wake. Kinachopasa kulipiwa ni ukubwa wa shimo lenyewe, nao hupatikana kwa njia ya wastani wa maeneo ya ncha mbili.

Kazi huanza kabla ya tingatinga kufika. Vigingi hupigwa kwenye mstari wa katikati ya silanga, kila baada ya mita 10, na kimo cha ardhi kwenye kila kigingi huandikwa kikilinganishwa na alama moja ya kudumu iliyo nje ya eneo la kazi, kwa mfano jiwe lililozikwa kwa saruji. Ardhi ikishakwanguliwa bila vipimo hivyo, hakuna atakayeweza kuthibitisha ilikuwa wapi.

Chukua mfano wa silanga yenye sakafu tambarare, upana wa mita 10 na urefu wa mita 40, iliyochimbwa mahali penye mteremko. Kingo zake zimelazwa kiasi kwamba kila mita moja ya kina huongeza mita mbili upande wa kushoto na mbili upande wa kulia. Ukilikata shimo hilo kwa upana, utaona umbo la trapeza: chini ni pembamba, juu ni pana.

Eneo lake ni upana wa chini kujumlisha upana wa juu, kugawa kwa mbili, kisha kuzidisha kwa kina. Upande wa juu wa mteremko kina ni mita 3, hivyo upana wa juu ni mita 22 na eneo ni mita 48 za mraba. Kwenye vigingi vinavyofuata kina ni mita 2.5, 2, 1.5 na 1, nayo maeneo ni 37.5, 28, 19.5 na 12.

Sasa chukua vigingi viwili vinavyofuatana, utafute wastani wa maeneo yake, kisha uzidishe kwa mita 10 zilizo kati yake. Kipande cha kwanza ni wastani wa 48 na 37.5, yaani 42.75, mara 10: mita 427.5 za ujazo. Vipande vingine ni 327.5, 237.5 na 157.5. Jumla ni mita 1,150 za ujazo.

Anayeharakisha hupima ncha mbili tu za silanga nzima: wastani wa 48 na 12 ni 30, mara 40 ni 1,200. Mita 50 zimeongezeka bila mtu kuchimba chochote, na kama bei ni Sh300 kwa kila mita, kamati imepoteza Sh15,000. Anayetumia kina cha katikati pekee hupata 28 mara 40, yaani 1,120, na hapo anayepunjwa ni mkandarasi. Kadiri vipimo vinavyokaribiana ndivyo hesabu inavyokaribia ukweli, ambao hapa ni kama mita 1,147.

Kuta za mwisho, zinapopanda kutoka sakafuni hadi juu, huhesabiwa kando kwa njia iyo hiyo, huku kipimo kimoja kikichukuliwa katikati ya ukuta. Usipofanya hivyo, wastani wa eneo la ncha na sifuri utaupunguza ujazo.

Kingo nazo zikaguliwe. Vuta futi ya kamba juu ya shimo penye kina cha mita 3. Ukipata mita 16 badala ya 22, kingo zimekatwa wima kupita makubaliano: eneo ni 39 wala si 48, na kingo kama hizo huporomoka upesi mvua zinaponyesha.

Hatimaye, udongo uliotolewa si sawa na maji yatakayokaa. Katika mfano huu, upande wa chini una kina cha mita 1 tu. Pasipo tuta hapo, maji yatamwagika yakifika kimo hicho, na silanga itahifadhi kama mita 500 za ujazo, chini ya nusu ya shimo lililolipiwa. Kwa hiyo mkataba uonyeshe kwamba udongo uliochimbwa utashindiliwa kuwa tuta upande wa chini, na pawepo njia ya kupitishia maji ya ziada.